Y ya Tukuyu

Mimi cherehani siipendi, sijawahi kuipenda, na sitaipenda. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule, pale chuo cha ufundi Tukuyu, kila mtu aliyeniangalia aliona cherehani. Wasichana wote walikuwa kule, darasa la mwisho karibu na jikoni, wakikanyaga pedali. Mimi peke yangu nilikuwa kwenye banda la wachora mabango, nimevaa suruali ya kaka yangu, vidole vimejaa rangi ya mafuta isiyotoka hata kwa mafuta ya taa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki makufuli na popo, na watu binafsi walikuwa wanafungua ya kwao kila kona. Sabuni imerudi, sukari imerudi, vitenge vinaning'inia mpaka nje. Na kila aliyefungua duka alitaka bango. Banda letu likawa halina nafasi ya kupita, mbao kila mahali.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Lakini alikuwa na msimamo wake, na msimamo huo ulikuwa juu ya ngazi: msichana hapandi ngazi mbele za watu. Aliniita ofisini, akanikalisha, akaniambia kwa upole kabisa kwamba muhula ujao nitahamia ushonaji. Nikamwambia, "Shikamoo Mkuu, lakini sitaki."

Akacheka. Nadhani hakuwa amewahi kusikia shikamoo na sitaki katika sentensi moja. Mwalimu wetu wa mabango, ambaye alikuwa ameitwa awe shahidi, akakohoa kidogo, akasema kwamba nina alfabeti yangu mwenyewe ninayoichora, na kwamba mama mmoja kule Bagamoyo, kata ya hapahapa Tukuyu, anafungua duka na anataka bango. Basi nipewe nafasi ya kulichora kwa herufi zangu, Mkuu aje aone mwenyewe.

"Zikikaa vizuri?" Mkuu akauliza.

"Abaki kwangu."

"Zisipokaa?"

Mwalimu akaniangalia. Nikajibu mwenyewe, "Nitakwenda cherehani, na sitalia." Hilo la mwisho lilikuwa uongo, lakini lilisemwa kwa sauti nzuri.

Alfabeti yenyewe nilikuwa nimeianza tangu masika. Mabango ya mji wote yalikuwa na herufi zilezile, zimenakiliwa kutoka kitabu kimoja cha zamani, nyembamba, zimesimama kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Mimi nilitaka herufi nene, zenye tumbo, zinazoonekana kutoka upande wa pili wa barabara hata ukungu ukishuka, na Tukuyu ukungu hauombi ruhusa. Nilizichora moja moja kwenye karatasi, kisha nikazikata kwenye filamu kuukuu za eksirei ambazo Mwalimu alikuwa anaziomba hospitali. Filamu ile ni ngumu, hailowi, na unaona kidogo nyuma yake. Unaiweka kwenye ubao, unapitisha chaki ndani ya tundu la herufi, unainua, unajaza kwa brashi. A yangu ilikatwa kwenye mbavu za mtu. M ilikuwa nyonga. Wavulana wa banda walikuwa wakinitania kwamba herufi zangu zina kifua kikuu.

Mwalimu wangu alikuwa Mnyakyusa wa Kisondela, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema polepole kana kwamba anayalipia. Alinifundisha kwamba rula ni muongo. Nilichora O yenye kimo sawasawa na H, nikapima, nikajisifu, naye akaibandika ukutani na kuniambia nikae mbali. O ikaonekana fupi! Nikabisha, nikapima tena mbele yake. Akasema, "Umepima. Sasa tazama." Ikabidi niikate upya, juu ipite mstari kidogo na chini ipite kidogo, ndipo ikaonekana sawa na wenzake. Vivyo hivyo mstari wa katikati wa H, ukiuweka katikati kabisa unaonekana umeshuka, lazima uupandishe kidogo. Na mistari inayolala lazima iwe myembamba kuliko ile inayosimama, la sivyo inaonekana minene. Nilikasirika sana siku hizo. Nilikuwa nimedhani jicho ndilo linalodanganya na rula ndiyo inayosema kweli, kumbe bango linasomwa na macho, halisomwi na rula.

Kitu kimoja tu hatukukubaliana, nacho kilikuwa Y. Y yangu ilikuwa na mikono mipana, imeinyoosha juu kama mtu aliyeokoka jana. Mwalimu akasema inajitanua, itapata shida na majirani. Nikasema ndiyo uzuri wake. Akarudi kwenye brashi zake, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Herufi zilipokamilika ndipo kazi ngumu ikaanza, kwa sababu herufi nzuri moja moja si neno. Kila filamu nilikuwa nimeiachia pambizo ileile kushoto na kulia, ili nipange filamu ukingo kwa ukingo, nichore, nisonge mbele. Nikapanga VYAKULA. Mungu wangu! V na Y zilikuwa mbali, Y na A zimeachana kama waliokosana, halafu U na L zimekaribiana kiasi kwamba hupitishi hata hewa. Pambizo ni zilezile, lakini neno limejaa mashimo.

Mwalimu akaja, akafunika neno kwa viganja vyake viwili akaacha herufi tatu tu katikati, VYA. Akaniuliza, "Ya katikati iko katikati?" Haikuwa. Akasogeza viganja, YAK. Akasogeza tena, AKU. Namna hiyo mpaka mwisho, tatu tatu, bila kusoma neno. Kisha akaligeuza lote juu chini ili akili yangu iache kusoma na ianze kuona. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi kuisema: herufi mbili zenye nguzo zilizosimama, kama U na L, zinahitaji nafasi kubwa kati yao. Nguzo na duara, pungufu kidogo. Duara na duara, pungufu zaidi. Na zile za kuinama, A, V, Y, W, hizo hazina kanuni, hizo unazipatanisha mbili mbili kama wagomvi.

Nikakaa nazo. Nguzo nikaziongezea pambizo, duara nikazipunguzia. Nikachukua jozi mbaya zote nilizoweza kuzikumbuka, WA, YA, TA, LA, VY, AV, KY, nikazipanga sakafuni banda zima mpaka wavulana wakawa wanaruka kupita. Ile iliyonisumbua kuliko zote ni YA. Nguo yetu ya kila siku katika Kiswahili ni "ya", huwezi kuandika bango bila "ya", na kila nilipoipanga palikuwa na shimo chini ya kwapa la Y ambalo mbuzi angelala. Basi nikafanya jambo ambalo niliona ni la akili sana. Kwenye filamu ya Y nikakwaruza kwa sindano mstari mpya wa kuungia, si ukingoni tena bali ndani, nyuma ya ncha za mikono, kushoto na kulia. Filamu inayofuata naiweka kwenye mstari huo, juu ya filamu ya Y. Na kwa kuwa filamu inaonyesha na chaki ni kavu, hakuna kinachoharibika. A ikaingia chini ya mkono wa Y, ikatulia pale. VY ikakaribiana mno juu, nikaitengenezea alama yake pembeni. Nikapanga MAYAI, nikapanga VYOMBO, nikarudia VYAKULA. Vyote safi. Nikamwita Mwalimu, akatazama muda mrefu, akasema, "Ndaga." Asante, basi. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Sikuuliza alikuwa anashukuru nini.

Siku ya bango nikafika Bagamoyo mapema na ngazi yangu. Mama mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, Mwislamu, ushungi umefungwa vizuri na kalamu imechomekwa juu ya sikio. Alikuwa ameuza chumvi na viberiti sokoni miaka yote ya shida, na sasa ndiyo mara ya kwanza anapata mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua. Ubao ulikuwa umeshapakwa rangi ya bluu, umepigiliwa juu ya mlango. Nikagonga mstari kwa kamba yenye chaki, nikachora, nikajaza rangi. VYAKULA NA VYOMBO. Nikashuka, nikavuka barabara, nikageuka. Jamani, lilikuwa neno zuri. Kila herufi imekaa kwenye kiti chake. Mwalimu alikuwa amesimama kando na mikono nyuma, kwa sababu Mkuu alikuwa amemkataza kugusa hata chaki wala kutoa neno.

Mama mwenye duka akatoka, akatazama, akafurahi mpaka akaniita mwanangu. Kisha akasema, "Chini umebaki uwazi. Andika TUKUYU, mwanangu, herufi kubwa hizohizo. Wa Mbeya akipita na gari ajue yuko wapi."

Nikasema hakuna shida. Kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimepanga kila neno linalouzwa na kununuliwa katika wilaya nzima ya Rungwe, nimepanga mpaka KAWA za kufunikia chakula, lakini jina la mji nilioamkia kila siku sikuwahi kulipanga. Nani anapanga jina la kwao? Unalijua, basi.

Nikapanda. T, U, K, U, nikaweka Y kwenye mstari wake wa ndani, nikaweka U ya mwisho kwenye mstari wa ndani wa Y upande wa kulia. Nikachora kwa chaki, nikainua filamu. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Mikono ya Y ilikuwa imegota kwenye nguzo ya U ya kushoto na nguzo ya U ya kulia. Zile tatu zilikuwa zimeshikana kama walevi watatu wanaosaidiana kurudi nyumbani. Na hapo hapo, kana kwamba ameitwa, Mkuu akatokea amevaa koti lake la Jumapili na mwavuli.

Alitazama kwa utulivu. "Juu pazuri," akasema. "Chini huko, binti, ni nini?"

"Ni Tukuyu," nikamjibu.

"Naona ni ajali."

Wapita njia wakacheka. Nilitamani kumrushia kopo la rangi, nasema kweli. Mvua ikaanza, ile yetu ya manyunyu isiyo na mwanzo wala mwisho, na mama mwenye duka, Mungu amjalie, akamvuta Mkuu ndani akamkalisha kwenye gunia la mchele na kikombe cha chai ya tangawizi. "Kunywa kwanza, baba," akamwambia. "Bango langu halijakimbia." Upenuni mwa paa ubao ulikuwa haulowi. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta TUKUYU yote. Nikamwangalia Mwalimu. Akaangalia mvua.

Basi nikakaa kwenye ngazi na filamu ya Y magotini, nikaitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyemletea aibu. Mwanzo nikailaumu mikono yake. Halafu nikajiuliza, mbona YA ni nzuri? Mikono ni ileile. Kwa sababu A inainama, inaacha nafasi juu kwa ajili ya mkono. U haiinami kwa mtu, nguzo yake imesimama wima tangu chini mpaka juu. Nilichokifanya ni kumbadilisha Y kwa ajili ya jirani mmoja, kisha nikataka majirani wote waishi naye vilevile. Shida ya YA ilikuwa ya YA. Haikuwa ya Y.

Nikachomoa sindano kwenye ukosi. Nikaifuta ile mistari ya ndani kwa kuikwaruzakwaruza mpaka isionekane, nikarudisha maungio ya Y ukingoni pake. Halafu ndani, kulia, nikakwaruza mstari mfupi, na pembeni yake nikaandika herufi ndogo: A. Maana yake, akija A, na A tu, aingie mpaka hapa. Mwingine yeyote abaki mlangoni. Vilevile kwa alama ya VY. Ilichukua muda mfupi kuliko kueleza.

Nikapanga tena, nikachora tena. UYU ikapumua. Nikashuka haraka, nikavuka barabara, nikageuka kwa ushindi, na loo! Bado. Kuna kitu bado. Y ilikuwa sawa kabisa, lakini neno lilikuwa linachechemea, na sikujua mguu gani.

Mkuu alikuwa amesogea mlangoni na kikombe chake. "Afadhali," akasema. "Lakini bado kuna kitu, au macho yangu?"

"Macho yako ni mazuri, Mkuu," nikamwambia. "Ngoja."

Nikafanya kitu ambacho wale wa Bagamoyo wanakumbuka mpaka leo. Ubao ulikuwa umepigiliwa, siwezi kuugeuza juu chini, basi nikajigeuza mimi. Katikati ya barabara, nikampa bango mgongo, nikainama nikatazama kati ya miguu yangu. Suruali ya kaka ikanisitiri. Mama mwenye duka akapiga kelele, "Astaghafirullah, mtoto kapandwa na nini!" Na kichwa kikiwa chini, damu ikinijaa masikioni, nikaliona. Halikuwa Y. Wala halikuwa T. Ilikuwa ni ile jozi ambayo hakuna anayeishuku, U na K za katikati.

Tazama neno lenyewe. T ina uwazi chini ya mkono wake. K imefunguka upande wa kulia. Y ina uwazi pande zote mbili. Kila mahali katika TUKUYU kuna hewa, na hewa hiyo huwezi kuipunguza kwa sababu mikono imeshafika kwenye nguzo. Mahali pamoja tu nguzo inakutana na nguzo, U na K, na hapo nafasi niliyoiweka, sahihi kabisa kwa kanuni, ilikuwa inaonekana imebanwa. Kanuni haikukosea. Ila kama wengine wote wamekaa kwa kujinafasi na huwezi kuwasogeza, basi huyo mmoja aliyebanwa ndiye unayemsogeza. Jozi mbaya kuliko zote, ile isiyosogezeka, ndiyo inayopanga neno zima, na zile nzuri ndizo zinazoifuata.

Nikapanda. Nikafuta neno lote, nikalipanga upya. Nikaisogeza K kulia kwa upana wa kidole gumba, na wenzake wote wakafuata. Ubao ulikuwa na nafasi, na neno zima nikalisogeza nusu ya kidole kushoto ili libaki katikati. Sikushuka kuangalia. Nilijua. Kuna kujua kwa namna hiyo maishani, hakuji mara nyingi, na kukija usikunyime heshima yake. Nikafungua kopo, nikachovya brashi, nikajaza T kwa rangi nyeupe ya mafuta moja kwa moja, mbele ya Mkuu, bila kumuuliza mtu.

Nilipomaliza U ya mwisho mvua ilikuwa imepungua. Mkuu akavuka barabara na mwavuli wake, akasimama pale niliposimama. Kwa muda nikadhani naye atainama. Hakuinama, lakini alikunja macho, akasogea kushoto, akasogea kulia. Mwalimu akamfuata. Mimi nikabaki juu ya ngazi na brashi inadondosha matone meupe kwenye kandambili zangu.

"Inasomeka," Mkuu akasema.

Ndipo Mwalimu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku ile. "Si kusomeka tu, Mkuu. Imekaa."

Mkuu hakusema nitabaki, wala hakusema nitahama. Alimshukuru mama mwenye duka kwa chai, akaondoka zake kuelekea stendi. Wiki nzima nikawa sili vizuri. Jumamosi nikaenda Kisondela, mama yangu akanipikia ndizi na maharage, akaniuliza naumwa nini, nikamwambia naumwa cherehani.

Kisha asubuhi moja tukiwa mstarini Mkuu akasoma majina ya watakaoripoti darasa la ushonaji, na jina langu likasomwa. La mwisho kabisa. Wavulana wa banda hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimeahidi sitalia, basi sikulia. Nikaenda kwa miguu yangu mpaka darasa la mwisho karibu na jikoni, nikabisha hodi. Mkuu alikuwa amenitangulia, amesimama nje ya mlango. Ukutani, kando yake, palikuwa pameegemezwa ngazi.

Akanyoosha mwavuli juu ya mlango, pale ambapo ubao mtupu mpya ulikuwa umepigiliwa. "Darasa hili halijawahi kuwa na jina," akasema. "USHONAJI. Herufi zako. Na milango mingine yote ya chuo baada ya huu."

Mashine zilinyamaza kule ndani, wasichana wote wakajaa madirishani kutazama. Nikapanda. Nilipofika juu nikaanza kuhesabu jozi kichwani, S na H, H na O, O na N, na nilipofika kwenye A na J nikajua pale patakuwa na kazi. Nikateremsha mkono bila kuangalia chini, nikasema, "Mkuu, nishikie ngazi."

Akaishika.